Mgomo wa Treni: Usikate Mkungu Kabla Treni Haijapita Mlimba

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, leo naomba tuache kidogo habari za mbegu na viuatilifu, tuzungumze habari ya treni. Wengi mnaonipigia simu kutoka Kisaki, Mang'ula, Ifakara na Mlimba mnauza mazao yenu kwa kutegemea reli, na kila uvumi wa mgomo ukisikika swali huwa moja: nifanye nini na mzigo wangu?

Jibu langu ni kwamba mgomo wa treni unapangiwa shambani kabla haujapangiwa stesheni. Mwenye hasara kubwa ni yule aliyekwisha kata mazao yasiyoweza kungoja. Asiyekata bado, hata kama treni haikuja kabisa, mali yake iko salama kwenye mgomba. Maelezo yote hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Niliyaona haya nikiwa afisa ugani upande wa kusini wa milima ya Uluguru, huko ambako Mto Mgeta unashuka kwenye bonde na reli ya TAZARA inapita Kisaki. Kati ya mwaka 2012 na 2015 wafanyakazi wa TAZARA waligoma zaidi ya mara moja. Mgomo wa Mei 2014 wengi mnaukumbuka. Sababu kubwa ilikuwa mishahara iliyochelewa kwa miezi. Simlaumu mtu hapa, maana aliyefanya kazi miezi mitatu bila mshahara naye ana watoto nyumbani. Nataka tu tuelewe mgomo wa namna hiyo unavyokuja, ili tujipange.

Kwa nini mgomo hautoi taarifa

Watu wengi hudhani kabla ya mgomo kutakuwa na tangazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka njia ndefu kwa wanaotaka kugoma kihalali. Kwanza mgogoro uwe wa maslahi, kwa mfano kudai nyongeza ya mshahara. Upelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, wanachama wapige kura, na baada ya kura mwajiri apewe taarifa ya saa 48.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, zile saa 48 ni za mwajiri. Sheria haisemi abiria wa Kisaki apelekewe barua. Taarifa ikimfikia mwajiri Jumatatu asubuhi, wewe unaweza kuisikia Jumanne jioni redioni, na treni yako ni ya Jumatano. La pili ni kubwa zaidi. Mshahara ambao haujalipwa ni haki iliyokwisha kuandikwa kwenye mkataba, na sheria inataka madai ya haki yaende kwenye uamuzi au mahakamani. Kwa hiyo mgomo wa malimbikizo ya mishahara kwa kawaida hutokea nje ya ile njia ndefu. Watu wanaamka asubuhi, wanakusanyika kwenye karakana au stesheni, kazi inasimama. Hakuna kura wala saa 48.

Ndiyo maana usingoje tangazo. Angalia dalili, nazo ni chache na ziko wazi. Ya kwanza ni malalamiko ya mishahara yaliyofika mwezi wa pili au wa tatu, ambayo utayasikia kwa watu wa stesheni wenyewe wanapokopa unga dukani kwako. Ya pili ni mgomo baridi, yaani treni zinatembea lakini kila kitu kinakwenda polepole: treni iliyozoea kuchelewa saa mbili sasa inachelewa saa nane, tena mara mbili au tatu mfululizo, na hakuna anayekupa sababu. Ya tatu ni treni za mizigo kupungua. Mtu anayeishi karibu na reli anajua kwa masikio ni treni ngapi hupita usiku. Ukiona siku mbili zimepita bila mlio, uliza.

Dalili moja peke yake si mgomo, kwa sababu injini mbovu au njia iliyoliwa na maji nayo huchelewesha treni. Ukiona mbili kwa pamoja, anza kufanya mambo nitakayoeleza.

Treni zipi huendelea

Kosa ninalolisikia sana sokoni ni mtu kusema "treni zimegoma", kana kwamba treni zote ni za mwajiri mmoja. Mkoa wetu una reli za waajiri wawili. TAZARA ni ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, na inapita Kisaki, Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Reli ya Kati, ile ya zamani inayopita Morogoro mjini, Kilosa na Kidete, pamoja na SGR ya umeme, ni za Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC. Wafanyakazi wa TAZARA wakigoma, treni za TRC zinaendelea, na kinyume chake ni hivyohivyo. Zinakaribiana Kidatu, lakini hata njia zake hazilingani upana: TAZARA ina milimita 1,067 na ile ya zamani ya TRC ina milimita 1,000. Kwa hiyo usitegemee kwamba upande mmoja utaazima treni ya upande mwingine ije ikuchukue.

Ndani ya TAZARA kwenyewe kuna mgawanyo wa pili. Reli ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania. Kila nchi ina wafanyakazi wake na chama chao. Wakigoma wa Zambia peke yao, treni ya kutoka upande ule haifiki, lakini safari za ndani ya Tanzania zinaweza kuendelea kati ya Dar na Mbeya au Tunduma. Kwa hiyo ukisikia mgomo, swali lako la kwanza liwe: ni upande upi? Mtu wa Kisaki anayepeleka ndizi Dar anaweza asiguswe kabisa na mgomo wa Mpika.

Mgawanyo wa tatu ni wa kazi. Treni haitembezwi na dereva peke yake. Kuna gadi, kuna mkuu wa stesheni anayeruhusu treni kuingia kipande cha njia kinachofuata, na kuna mafundi wa njia. Wakigoma madereva, hakuna kinachotembea. Wakigoma baadhi tu, uongozi hujaribu kuendesha treni chache kwa watu wachache waliobaki. Hapo wanaoumia kwanza ni sisi wa stesheni ndogo, kwa sababu treni inayosimama kila mahali inahitaji watu kila mahali. Treni ya masafa marefu inaweza kupita bila kusimama kwako. Kwa hiyo usiishie kuuliza "treni ipo?" Uliza hivi: "Treni itasimama Kisaki, na behewa la mizigo litafunguliwa?" Mara nyingi jibu la swali la kwanza huwa ndiyo, na la pili huwa hapana.

Kanuni ya Mlimba

Sasa twende shambani. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi pale Kisaki ambaye sijapata kuona akitupa mkungu hata mmoja, mgomo au hakuna mgomo. Siku moja nilimkuta ameketi chini ya mwembe saa nne asubuhi, siku ya treni, wakati wenzake walikuwa wamekwisha panga mikungu jukwaani tangu jana yake. Nikamuuliza, "Mama, leo husafiri?"

Akanijibu, "Nasafiri, bwana shamba. Nangoja simu ya Mlimba."

Nikamwomba anieleze. Treni ya kwenda Dar inatoka upande wa Mbeya, inapita Makambako, halafu Mlimba, Ifakara, Mang'ula, Kidatu, ndipo inafika Kisaki. Kutoka Mlimba mpaka Kisaki ni saa kadhaa. Yeye alikuwa na mwenzake anayeuza mchele Mlimba, wamekubaliana kwamba treni ikitoka pale anapiga simu. Vijana wake wawili wapo shambani na mapanga. Simu ikilia, wanakata. Muda wa kukata mikungu 30 na kuileta stesheni kwa baiskeli ni mfupi kuliko muda wa treni kutoka Mlimba. Alisema, "Wao wamekata wakaingoja treni. Mimi naingoja treni halafu nakata."

Siku ile treni ilifika. Safari nyingine, wakati wa mgomo, haikufika kabisa. Mikungu ya wenzake ilikaa jukwaani siku ya kwanza, ya pili, siku ya tatu wakaanza kuuza kwa bei ya kutupa kwa watu wa kijijini ambao nao wana migomba yao. Mikungu ya yule mama ilikuwa bado inaning'inia.

Kama afisa ugani naweza kukueleza kwa nini hesabu yake ni sahihi. Mkungu uliokomaa ukiuacha kwenye mgomba unaweza kungoja karibu wiki moja bila shida, mradi vidole havijaanza kupasuka wala kugeuka rangi. Ukishaukata, kwa joto la bonde la Kisaki una siku nne hadi saba tu kabla haujaanza kuiva, na mbili kati ya hizo zitaliwa na safari na soko. Ndizi ya kupika ikianza kuiva, mnunuzi wa Dar anaikataa au anakata bei. Kwa hiyo ghala la ndizi ni mgomba wenyewe.

Gawa mazao yako katika mafungu matatu kila unapoona dalili za mgomo. Fungu la kwanza ni yale yanayongoja shambani: ndizi, muhogo, magimbi. Hayo usiyaguse mpaka usafiri uwe na uhakika. Fungu la pili ni yale yanayongoja nyumbani yakiwa makavu: mahindi, mpunga, maharage. Hayo vuna kwa wakati wake, kausha vizuri, hifadhi, na mgomo usikutie presha ya kuuza kwa mchuuzi anayekuja na bei ya huruma. Kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isipoganda, yanaweza kungoja.

Fungu la tatu ndilo la hatari: nyanya zilizoiva, mananasi yaliyogeuka rangi, mboga za majani. Hayo hayangoji shambani wala nyumbani. Kwa fungu hili mgomo unataka uamuzi siku hiyohiyo: gari, au soko la karibu. Nyanya unaweza kuzipa nafasi kidogo kwa kuzichuma zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi, zikapata siku nyingine kadhaa. Mboga za majani hazina nafasi hiyo.

Fuso: hesabu kabla ya kupiga simu

Treni isipokuja, mawazo ya kwanza ya kila mtu ni Fuso. Kwa Mang'ula na Ifakara barabara imekuwa nzuri siku hizi na gari linapatikana kwa bei ya kueleweka. Mlimba ni kugumu zaidi. Kisaki nako kuna barabara moja ya kwenda Morogoro kupitia Bwakira Chini, Mvuha na Matombo, kilomita zinazokaribia 150, na wakati wa masika kati ya Machi na Mei dereva anayekubali kushuka huko anadai bei ya hatari. Kwa hiyo kabla hujaita gari, fanya hesabu. Nitatumia tarakimu za mfano tu. Wewe weka za kwako.

Tuseme mkungu unanunuliwa shambani kwa shilingi 5,000 na unauzwa Mabibo, Dar es Salaam, kwa shilingi 10,000. Upakiaji na upakuaji ni shilingi 500. Treni inakugharimu shilingi 1,500 kwa mkungu. Faida yako kwa treni ni 3,000 kwa kila mkungu.

Sasa treni haipo. Fuso kwenda Dar anataka shilingi 1,000,000, ajaze au asijaze. Toa kwanza gharama nyingine zote isipokuwa usafiri: 10,000 toa 5,000 toa 500, inabaki 4,500. Hiyo ndiyo fedha ambayo kila mkungu unaweza kuchangia kwenye gari. Gawanya 1,000,000 kwa 4,500, unapata 222 na kitu. Maana yake, mkijumlisha mzigo wenu wote ukawa mikungu 222 au pungufu, gari hilo ni hasara hata kama ndizi zote zitanunuliwa. Kuanzia 223 ndipo mnarudisha gharama. Mkifikisha 300, usafiri unakuwa 3,333 kwa mkungu na faida ni 1,167. Mkipeleka 150 tu kwa sababu "tusikae bure", usafiri unakuwa 6,667 na kila mkungu unakula shilingi 2,167 za mfukoni mwenu.

Kuna njia ya kati, kuuza Morogoro mjini, kwenye Soko Kuu la Chifu Kingalu au Mawenzi. Tuseme hapo bei ni 8,000 na gari ni 500,000. Fedha ya kila mkungu kabla ya usafiri ni 2,500, na 500,000 ukigawanya kwa 2,500 ni mikungu 200. Kwa mikungu 300 faida ni 833 tu, chini ya ile ya Dar, lakini mmeweka rehani nusu ya fedha na mnaweza kurudi siku hiyohiyo barabara ikiruhusu. Wakati wa mgomo mimi huwashauri watu waangalie njia hii kwanza, maana wakati huo kila mwenye gari anakimbilia Dar na bei ya soko huko inaweza kubadilika mkiwa njiani.

Jambo la kukumbuka kuhusu gari: hakikisheni mna stakabadhi ya ushuru wa mazao ya halmashauri kabla ya kuondoka, na majina ya wenye mzigo yaandikwe kwenye karatasi moja na idadi ya kila mmoja. Mikungu ya watu kumi ndani ya Fuso moja hufanana yote ikifika sokoni usiku.

Wewe mwenyewe unayesafiri bila mzigo una njia rahisi zaidi. Fika Morogoro, kisha panda basi Msamvu au SGR, ambayo ilianza safari za Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000 wakati huo. Hiyo ni ya TRC, kwa hiyo mgomo wa TAZARA hauigusi. Lakini usiende nayo na magunia. Ile ni treni ya abiria na begi la mkononi, si treni ya mikungu. Na katika siku za mgomo viti hujaa, kwa hiyo kata tiketi kabla hujaondoka kijijini.

Tiketi yako ina nguvu gani

Tiketi ya treni ni mkataba wa safari moja: treni fulani, tarehe fulani, daraja fulani, kutoka kituo hiki hadi kile. Haigeuki kuwa tiketi ya wiki nzima kwa sababu kuna mgomo, na basi halilazimiki kuipokea. Tiketi ya TAZARA haikupandishi treni ya TRC. Nimeona watu wakibishana na makondakta Msamvu wakiwa na tiketi ya treni mkononi, na kondakta ana haki.

Hata hivyo, treni ikifutwa na shirika lenyewe, tiketi haijafa. Aliyepokea fedha kwa safari ambayo hakuitoa hana haki ya kuzikalia. Anakurudishia nauli au anakupangia safari nyingine kwa tiketi ileile. Hali ni tofauti kabisa ukiwa wewe ndiye uliyeamua kutosafiri kwa kusikia uvumi, halafu treni ikaja na kuondoka. Hapo unaingia kwenye masharti ya kughairi ya shirika, na unaweza kukatwa sehemu ya nauli au kukosa yote. Kwa hiyo usigeuze safari kwa uvumi. Nenda stesheni au piga simu, upate neno la mkuu wa stesheni.

Ukifika na kuambiwa treni haipo, fanya mambo haya palepale. Mwombe mkuu wa stesheni aandike nyuma ya tiketi kwamba treni ya tarehe hiyo haikusafiri, aweke saini na mhuri. Kama naye amegoma na ofisi imefungwa, piga picha ya tiketi na ya tangazo lililobandikwa mlangoni, ukae na ushahidi wa siku hiyo. Tunza meseji ya malipo kama ulilipa kwa simu, kwa sababu fedha mara nyingi hurudishwa kwa njia ileile iliyolipiwa. Usirudishe tiketi yenyewe kwa mtu yeyote mpaka upewe fedha au tiketi mpya mkononi. Kisha dai mapema, usingoje mwezi.

Hapa ndipo anapoumia aliyenunua tiketi kwa mlanguzi au kwa jina la mtu mwingine. Fedha zinamrudia mwenye jina au mwenye namba ya simu iliyolipa. Kama uliyemtuma ni mtoto wa jirani na alitumia simu yake, mkubaliane mapema.

Na kama mgomo umekukuta tayari umo ndani ya treni? Kwa kawaida treni hupelekwa mpaka stesheni kubwa inayofuata na kusimama hapo. Usishuke kwenye stesheni ndogo porini kwa hasira. Kati ya Kisaki na Fuga kuna hifadhi ya wanyama, na hakuna bodaboda. Subiri stesheni kubwa, uombe kuandikiwa kwamba safari iliishia hapo. Kwa njia hiyo unaweza kudai sehemu ya nauli ya safari iliyobaki.

Mzigo uliokwisha pokelewa

Mzigo uliokabidhiwa stesheni kabla ya mgomo una sheria zake. Kilicho muhimu ni ile stakabadhi ya mzigo. Hakikisha imeandika idadi, aina, na uzito, si "mizigo" tu. Treni isipokuja, una haki ya kuuomba mzigo wako urudi kwako. Kama ni wa fungu la tatu, uombe siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mzigo unaoharibika haraka kwa kawaida husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe, na ukiuacha uozee stoo ya stesheni kwa kutegemea fidia utakuwa umepoteza nyanya na muda pia. Ukiuchukua, stakabadhi iandikwe kuwa umerudishiwa mzigo, ndipo udai gharama uliyolipa.

Mgomo ukiisha

Watu hupata hasara ya pili siku mgomo unapoisha. Redio inasema wafanyakazi wamerudi kazini, kijiji kizima kinakata ndizi. Lakini mabehewa yaliachwa yalikosimama, injini ziko upande usiofaa, na treni ya kwanza inayofika imejaa watu na mizigo ya siku zote zilizopita tangu Mbeya. Inasimama Kisaki dakika chache, nusu ya mikungu inabaki jukwaani.

Yule mama wa ndizi treni ya kwanza baada ya mgomo hakuipanda. Alimpigia simu mwenzake wa Mlimba akamuuliza swali moja tu: behewa la mizigo lina nafasi? Akaambiwa watu wameketi juu ya magunia. Akaiacha ipite, akakata kwa treni iliyofuata. Alipofika Dar alikuta soko limepumua, maana mzigo wa treni ya kwanza ulikuwa umeingia wote kwa siku moja na kushusha bei.

Fanyeni hivi basi. Kila kikundi cha wauzaji kitafute mtu mmoja kwenye stesheni ambayo treni inaifikia kabla yenu. Kwa anayepeleka Dar kutoka Kisaki ni Mlimba au Ifakara. Kwa wa Ifakara ni Makambako. Mchangieni vocha ya simu. Andikeni pia kwenye daftari la kikundi ile namba yenu ya mikungu inayolipa gari, kwa bei zenu za msimu huu, na muirudie kila bei ya mafuta inapobadilika. Mkiwa na vitu hivyo viwili, siku treni isipokuja mtajua mapema, na mtajua kama Fuso anafaa kuitwa.